Umepewa mpango wa kuboresha utendaji na unahisi unasukumwa nje: mwongozo kamili kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara

Nilikaa upande wa utumishi kwa miaka tisa kabla ya kuhamia upande wa pili wa meza, na mipango hii nimeiandika mwenyewe. Huwa ni karatasi mbili au tatu zenye jedwali: upungufu wako, lengo, tarehe ya mwisho, na chini kabisa sehemu ya sahihi. Ofisini wengi wanaiita kwa herufi zake tatu, PIP. Mara nyingi unakabidhiwa jioni, wenzako wakiwa wameshaanza kufunga meza, na unaambiwa kwa upole, "Hii ni kwa ajili ya kukusaidia tu."

Kuna inayosaidia kweli. Nimeona watu wakimaliza siku zao 60, mpango ukafungwa, na mwaka uliofuata wakapandishwa. Lakini nimeshawahi pia kuletewa jina la mtu na kuambiwa nitafute namna. Mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu ya uchumi wa kampuni anatakiwa na sheria atoe notisi, aweke taarifa wazi, na akae na wafanyakazi au chama chao kujadiliana. Huo ni mzigo. Kumtoa mtu mmoja kwa kusema hafikii malengo kunaonekana rahisi zaidi.

Kosa ninaloliona kila mara ni hili: mfanyakazi anatumia nguvu zake zote kuthibitisha kwamba bosi ana chuki naye. Nia ya bosi imo kichwani mwake, huwezi kuifungua na kuiweka mezani. Na bahati nzuri huhitaji. Kesi ya namna hii haianzi kwa kuuliza bosi alikuwa anawaza nini, inaanza kwa maswali matano.

Maswali matano

Yako kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, kanuni ya 17. Anayeamua kama uliachishwa kazi kwa haki kwa sababu ya utendaji mbovu anatakiwa aangalie: Je, kweli hukufikia kiwango? Ulikijua kiwango hicho, au ulitarajiwa kukijua? Kiwango chenyewe kinaingia akilini? Kwa nini hukukifikia? Na ulipewa nafasi ya haki ya kukifikia?

Yanakili kwenye karatasi, kila swali juu ya ukurasa wake. Kuanzia leo mpaka mwisho wa mpango, kila unachoandika, unachouliza na unachohifadhi kiwe kinajibu mojawapo ya hayo. Kisichojibu lolote, kama vile kwamba meneja hakukusalimia Jumatatu, kiache.

Twende na mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho, maana bila namba haya yote ni maneno tu. Nimebadilisha mambo madogo ili mwenyewe asitambulike. Ni dada mmoja, afisa mikopo wa taasisi ndogo ya fedha Kanda ya Ziwa, miaka sita kazini, mshahara wa msingi shilingi 900,000. Tathmini zake tatu za mwisho zilikuwa nzuri. Alikuwa anasimamia mikopo ya milioni 180, na iliyochelewa zaidi ya siku 30 ilikuwa milioni 7.2, yaani asilimia 4. Mwenzake akaacha kazi. Tarehe 4 Februari akakabidhiwa wateja wa yule mwenzake: milioni 60, na ndani yake milioni 19.2 zilikuwa zimeshachelewa. Kufumba na kufumbua jumla yake ikawa milioni 240, deni lililochelewa milioni 26.4, yaani asilimia 11. Tarehe 1 Aprili akapewa mpango: ashushe mpaka asilimia 3 ndani ya siku 30. Na kwa muda huo asitoe mikopo mipya, "ili ajikite kwenye ukusanyaji."

Siku ya barua

Usigome kusaini. Najua hasira inavyokuja, lakini ukigoma unaweza kugeuziwa kesi ikawa ya nidhamu, na kesi ya nidhamu inakwenda haraka kuliko ya utendaji. Sahihi ya kupokea si sahihi ya kukubali, mradi uandike hivyo kwa mkono wako pale pale juu ya jina lako: "Nimepokea nakala leo tarehe 1 Aprili, saa 10:40 jioni. Sikubaliani na yaliyomo, nitajibu kwa maandishi." Kisha omba nakala kabla hujatoka mlangoni. Wakikuambia utaletewa kesho, piga picha hiyo karatasi mbele yao.

Usijibu chochote cha maana kwenye kikao hicho. Hasa usiseme, kwa uchungu au kwa kejeli, "basi bora niache kazi." Nimeshawahi kuona sentensi hiyo ikiingia kwenye kumbukumbu za kikao neno kwa neno.

Barua ya majibu

Ipeleke ndani ya siku tatu hadi tano. Isizidi kurasa mbili, na isiwe na neno "chuki", "njama" wala "uonevu". Hoja ni kuuliza maswali ambayo jibu lake, lolote lile, litakufaa.

Yule dada alikuja kwangu na rasimu ya kurasa sita. Tukaitupa, tukakaa na kikokotoo. Asilimia 3 ya milioni 240 ni milioni 7.2. Hilo ndilo deni lake mwenyewe la zamani, lile ambalo tathmini zake zilikuwa zimelisifia. Kwa hiyo ili afikie lengo, ilibidi akusanye kila shilingi iliyochelewa ya mwenzake aliyeondoka, zote milioni 19.2, ndani ya siku 30, na katika muda huo asichelewe mteja wake hata mmoja. Na hapo tumefanya kama ile milioni 240 imesimama palepale. Alipozuiwa kutoa mikopo mipya, kila shilingi inayorejeshwa inapunguza jumla, na asilimia inakuwa ngumu zaidi kushuka: hata ukihesabu marejesho ya deni lililochelewa peke yake, ilitoka karibu milioni 19.8. Aliyeandika mpango ama hakupiga hesabu, ama aliipiga.

Barua yake ikawa na aya nne. Nanukuu sehemu yenye uzito:

"Naomba kufahamishwa lengo la asilimia 3 limetokana na nini, na maafisa wengine wa tawi wako kwenye kiwango gani. Kwa mujibu wa hati ya makabidhiano ya tarehe 4 Februari, mikopo iliyochelewa ya shilingi milioni 19.2 nilipokea ikiwa tayari katika hali hiyo. Naomba ipimwe peke yake. Naomba pia msaada ufuatao: pikipiki ya ofisi siku mbili kwa wiki kwa ajili ya wateja wa vijijini, na afisa wa sheria wa makao makuu kwa wadaiwa ambao hawapatikani. Naomba muda wa siku 90. Nitaendelea kutekeleza mpango wakati nasubiri majibu."

Ile sentensi ya mwisho usiisahau kamwe. Bila hiyo utaambiwa ulikataa mpango.

Maombi ya msaada yana kazi mbili. Kanuni ya 18 inamtaka mwajiri achunguze chanzo cha utendaji mbaya, atoe maelekezo au mafunzo pale yanapohitajika, na ampe mfanyakazi muda unaofaa kujirekebisha, kwa kuzingatia aina ya kazi, urefu wa utumishi na rekodi yake ya nyuma. Kwa hiyo unaomba kile ambacho kanuni zinamtaka atoe. Kazi ya pili ni kipimo chako mwenyewe: bosi anayetaka ubaki atakupa walau pikipiki. Huenda ulikosea kumshuku, na hapo ndipo utakapojua. Anayetaka uondoke hajibu kabisa, au anajibu kwa mdomo.

Faili lako, na mtego uliomo

Kusanya mkataba, maelezo ya kazi, tathmini zote, barua za pongezi au bonasi, hati za mshahara, hati za makabidhiano. Hivi ni vyako au umepewa nakala, viweke nyumbani.

Mtego ni taarifa za wateja. Mtu akiwa na hofu anajitumia kwenye barua pepe yake binafsi orodha nzima ya wadaiwa, majina na namba za simu, ili "awe na ushahidi". Hapo amemrahisishia mwajiri kazi: sasa lipo kosa la nidhamu la wazi, kuvujisha siri, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hilo lina uzito wa ziada. Andika namba tu kwenye daftari lako bila majina ya watu. Nyaraka nyingine zilizomo kwenye mfumo wa ofisi, ziombe kwa barua. Wakikataa, ile barua ya maombi na ukimya wao vinakuwa sehemu ya faili.

Daftari liwe la karatasi, kila siku mistari mitatu: nilichofanya, nilichoomba, nilichoambiwa. Tarehe na saa.

Siku za mpango zenyewe

Fanya kazi kweli. Nasema hivi kwa sababu wengine wakishaamua kwamba ni mtego wanakaa wakisubiri kufukuzwa, na matokeo yao yanaporomoka hadi tuhuma inakuwa ya kweli. Yule dada katika siku 30 alikusanya milioni 6.1 kutoka deni la kurithi, ambalo mwenzake hakuwa amekusanya kitu ndani yake kwa miezi mitatu. Ilikuwa namba nzuri kuliko hoja yoyote ambayo ningeweza kumwandikia.

Mipango hii kwa kawaida huahidi kikao cha kila wiki, na hapo ndipo ile ya uongo inapojianika. Kikao kinaahirishwa, mara meneja yuko safari, mara "tutakaa wiki ijayo". Usikasirike wala usishukuru Mungu kwamba umepona wiki hiyo. Siku hiyohiyo tuma barua pepe fupi: "Kikao chetu cha leo tarehe 15 Aprili hakikufanyika. Naambatanisha takwimu zangu za wiki. Naomba kujua kama kuna mapungufu yoyote mliyoyaona." Kikao kikifanyika, ukirudi mezani andika mlichozungumza na umalizie, "kama nimekosea mahali naomba nirekebishwe." Asiporekebisha, maneno yako ndiyo yanabaki.

Mambo mengine ya kutazama wakati huu: kazi zako kuanza kuhamishiwa mtu mwingine, kutolewa kwenye kundi la Wasapu la tawi, nafasi yako kutangazwa, kuambiwa uandae makabidhiano wakati mpango haujaisha. Moja peke yake si ushahidi. Yaandike na tarehe zake, ukipiga picha ya skrini pale inapowezekana. Yanajibu swali la tano, nafasi ya haki.

Kama kuna chama cha wafanyakazi hapo kazini, mwambie mwakilishi mapema, wiki ya kwanza. Akija siku ya mwisho hana cha kufanya zaidi ya kukaa pembeni yako.

Ukiambiwa ujiuzulu kwa heshima

Itakuja. Mara nyingi katikati ya mpango, mara nyingi kwa sauti ya huruma: "Mdogo wangu, kwa nini uchafue jina? Andika tu barua, tutakupa sifa nzuri."

Ukijiuzulu, wewe ndiye uliyesitisha mkataba. Kiinua mgongo cha kisheria, mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka 10, kinalipwa pale mwajiri anapositisha ajira ya mtu aliyetimiza angalau miezi 12. Kwa yule dada, miaka sita na wiki ya siku sita za kazi, ni kama shilingi 1,450,000. Fao la kukosa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii nalo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Na kubwa zaidi, unapoteza ile nafasi ya kumwachia mwajiri mzigo wa kuthibitisha. Ipo njia ya kudai kwamba ulijiuzulu kwa sababu mwajiri aliyafanya mazingira yasivumilike, na sheria inaitambua. Ila hapo wewe ndiye wa kuthibitisha, na utaulizwa kwa nini hukupeleka malalamiko rasmi kwanza. Nimewaona wachache mno wakishinda kwa njia hiyo.

Hii haina maana kwamba lazima ung'ang'anie. Pengine umechoka, pengine umepata kazi nyingine. Basi usiandike barua ya kujiuzulu, omba makubaliano ya pamoja ya kusitisha ajira, yaliyoandikwa na kusainiwa na pande zote. Wakati mzuri wa kuyaomba ni baada ya barua yako ya majibu kufika na kabla ya kikao cha mwisho, wakati wao wenyewe wameanza kuona udhaifu wa faili lao. Ndani yake pawepo miezi mingapi ya mshahara, siku za likizo zilizobaki, notisi, cheti cha utumishi, watakachosema wakiulizwa na mwajiri mpya, na tarehe ya malipo. Wasipotaka kuandika, hakuna makubaliano.

Kikao cha mwisho

Muda ukiisha na wakidai hujafikia lengo, hawawezi kuruka moja kwa moja kwenye barua ya kuachisha. Unatakiwa uwe umeonywa kwamba usiporekebika ajira inaweza kusitishwa. Kisha unaitwa kikaoni, ukiwa na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Wanaeleza sababu, unajitetea, na wakikataa utetezi wako wanaeleza kwa nini. Uamuzi unatolewa kwa maandishi na sababu zake kwa ufupi.

Nenda na karatasi moja tu. Yule dada alikuwa na mistari mitano, mmoja kwa kila swali, na nyuma yake viambatisho vyenye namba. Alisoma, akakabidhi nakala, akaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba imepokelewa. Kikao kilichukua dakika kumi na tano. Barua ya kuachishwa ilitoka siku iliyofuata, na haikutaja hata hoja yake moja. Akanipigia akilia. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo kusikia kwamba hawakujibu.

Siku 30

Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Si mwezi, ni siku, na wikendi zimo. Hesabu kutoka tarehe ya barua: ikiwa ni tarehe 3 Julai, siku ya thelathini ni tarehe 2 Agosti. Kampuni ikikupa nafasi ya rufaa ya ndani itumie, lakini usiache siku ziishe ukisubiri wakuite. Ukichelewa kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, ila utalazimika kueleza sababu ya kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa nasubiri HR" haijawahi kumfikisha mtu mbali.

Unajaza fomu CMA F1. Mpe mwajiri nakala kwanza, pata uthibitisho wa kupokea, ndipo uisajili Tume. Sehemu ya sababu za mgogoro andika zote mbili, kwamba sababu haikuwa halali na kwamba utaratibu haukufuatwa. Wengi wanaandika moja, kisha wanabanwa nayo. Hatua ya kwanza ni usuluhishi. Ukishindikana unakwenda uamuzi, na hapo ni mwajiri anayetakiwa kuonyesha kwamba alikuachisha kwa haki.

Watatu hawa wasome kwa tahadhari. Mwenye chini ya miezi sita kazini halindwi na masharti haya ya kuachishwa isivyo haki. Meneja au mtu wa ngazi ya juu, ambaye ujuzi wake unamwezesha kujipima mwenyewe, anaweza kunyimwa ile nafasi ya kujirekebisha. Na mtumishi wa umma ana njia yake nyingine ya rufaa chini ya sheria ya utumishi wa umma, asikimbilie Tume kwa kufuata mwongozo huu.

Kwa yule dada, tuliingia chumba cha usuluhishi tukiwa na faili la kurasa 41. Msuluhishi alipekua, akasimama kwenye hati ya makabidhiano ya tarehe 4 Februari, akaigeuza upande wa mwajiri na kuuliza sahihi ile iliyo chini ya milioni 19.2 ni ya nani. Ilikuwa ya meneja wa tawi, yuleyule aliyesaini mpango. Mwanasheria wao akaomba dakika ishirini za kuongea na mteja wake nje. Waliporudi walikuja na namba, wakapandisha mara mbili, na tukaandika makubaliano mchana uleule. Kabla hajasaini nilimrudisha kwenye ukurasa wa pili, maana waliandika kiasi na wakasahau tarehe ya kulipa.